Lori limeuzwa milioni 82.6: faida ni shilingi ngapi?

Tuchukue kampuni inayosambaza saruji na nondo kutoka Morogoro hadi Ifakara. Tarehe 31 Agosti 2024 imeuza lori lake moja la tani 10, na mnunuzi ameingiza benki shilingi milioni 82.6. Lori hilo liliigharimu kampuni milioni 120 mwaka 2020. Je, kampuni imepata faida au hasara, na kiasi gani?

Uliza swali hilo ndani ya ofisi moja na utapata majibu manne. Mwenye kampuni atakwambia amepoteza milioni 37.4, maana amenunua kwa 120 na kuuza kwa 82.6. Karani aliyefungua mizania ya Desemba iliyopita, akakuta lori limebaki na thamani ya milioni 75, atasema ni faida ya milioni 7.6. Mwenzake atakumbuka kwamba ndani ya zile 82.6 mna VAT, ataiondoa na kubaki na 70, halafu atatangaza hasara ya milioni 5. Mhasibu atawasikiliza wote, kisha atasema ni faida ya milioni 1.5.

Kila mmoja amefanya hesabu ya kutoa bila kukosea. Tofauti yao iko kwenye namba walizozichagua kutoa. Kanuni yenyewe ni fupi sana: chukua fedha halisi iliyobaki mkononi baada ya mauzo, toa thamani ya kitabuni ya mali siku ile ilipoondoka. Ikizidi ni faida, ikipungua ni hasara. Ugumu wote umejificha kwenye zile namba mbili, kwa hiyo tuzifungue moja baada ya nyingine.

Thamani ya kitabuni, siku ileile ya kuuza

Thamani ya kitabuni ni gharama ya mali ukiondoa uchakavu wote uliokwisha kuandikwa juu yake tangu ilipoanza kutumika. Kama mali iliwahi kushushwa thamani kwa sababu nyingine, mathalani ajali iliyoipunguzia uwezo wa kufanya kazi, kiasi hicho nacho huondolewa. Kinachobaki ni sehemu ya gharama ambayo bado haijapelekwa kwenye matumizi.

Naomba msomaji atulie kidogo hapo, kwa sababu watu wengi huichukulia thamani ya kitabuni kama makadirio ya bei ya sokoni. Haiko hivyo. Mhasibu anapoandika uchakavu wa milioni 12 kwa mwaka hasemi kwamba bei ya lori sokoni imeshuka kwa milioni 12. Anachofanya ni kugawa gharama ya lori kwa miaka litakayofanya kazi, ili kila mwaka ubebe sehemu yake. Wala hakuna fedha yoyote inayowekwa pembeni. Uchakavu uliolimbikizwa ni namba iliyo kwenye leja, na ukienda benki kuutafuta hutaukuta.

Turudi kwenye lori letu. Lilinunuliwa kwa milioni 104 bila VAT, likatengenezewa bodi kwa milioni 14, na usajili pamoja na kulisafirisha kutoka bandarini vikachukua milioni 2. Jumla ni milioni 120. Gharama ya mali ni kila kilichotumika kuifikisha mahali na katika hali ya kufanya kazi, ndiyo maana bodi na usafirishaji vimo ndani. VAT ya manunuzi haimo, kwa kuwa kampuni imesajiliwa na ilirejeshewa.

Lori lilianza kazi tarehe 1 Aprili 2020. Kampuni ilikadiria kwamba litatumika miaka 8, na kwamba mwisho wa miaka hiyo litauzwa kwa milioni 24, ambayo ndiyo thamani ya mabaki. Kwa hiyo kiasi cha kugawanywa ni 120 kutoa 24, yaani milioni 96. Ukigawa kwa miaka 8 kwa mafungu yaliyo sawa unapata milioni 12 kwa mwaka, au milioni 1 kamili kwa mwezi.

Mwaka wa hesabu wa kampuni huisha Desemba. Mwaka 2020 lori lilifanya kazi miezi 9, kwa hiyo uchakavu ulikuwa milioni 9. Miaka mitatu iliyofuata ikabeba milioni 36. Kufikia tarehe 31 Desemba 2023 uchakavu uliolimbikizwa ulikuwa milioni 45 na thamani ya kitabuni milioni 75. Hiyo ndiyo namba aliyoiona karani, na ni sahihi kabisa kwa siku ile ya Desemba.

Lakini lori halikuuzwa Desemba. Liliendelea kubeba saruji Januari hadi Agosti 2024, na miezi hiyo minane ina uchakavu wake wa milioni 8 ambao lazima uandikwe kwanza, kabla hujagusa hesabu ya mauzo. Uchakavu wote unafika milioni 53, na thamani ya kitabuni tarehe 31 Agosti ni milioni 67.

Katika makosa yote ya hesabu hii, kuruka uchakavu wa mwaka wa kuuza ndilo linalotokea mara nyingi zaidi. Nalo hudumu kwa sababu halionekani kirahisi. Angalia linavyojificha. Tukiruka ile milioni 8, thamani ya kitabuni inabaki 75, na kama tutakavyoona punde, fedha halisi ya mauzo ni milioni 68.5. Kwa hiyo tunaandika hasara ya milioni 6.5. Tukifanya sawasawa, tunaandika uchakavu wa milioni 8 kama gharama, halafu faida ya milioni 1.5. Nane kutoa moja na nusu ni sita na nusu. Faida ya jumla ya kampuni kwa mwaka mzima haibadiliki hata shilingi moja, na kwa hiyo anayekagua mstari wa mwisho peke yake hatashtuka.

Kilichoharibika ni maelezo ya ndani. Gharama ya kusafirisha saruji mwaka huo imeonekana ndogo kwa milioni 8 kuliko ilivyokuwa, na uuzaji wa lori umeonekana kama maamuzi mabaya yaliyoleta hasara. Meneja anayepanga bei ya usafirishaji kwa kila mfuko wa saruji atatumia gharama pungufu, huku mwenye kampuni akimlaumu aliyesimamia mauzo ambayo kwa kweli yalikwenda vizuri. Njia ya kuligundua ni rahisi: fungua akaunti ya uchakavu ya mwaka, uone kama gari lililouzwa katikati ya mwaka lina mstari wake. Kama halina, kuna swali la kuuliza.

Vipi kama lori lilisimama yadi Julai na Agosti likisubiri mnunuzi? Uchakavu haukomi kwa sababu mali imepumzika. Kwa kampuni inayofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, vile vya biashara ndogo na za kati, kama hii yetu, unaendelea hadi mali inapoondolewa vitabuni. Kampuni zinazotumia viwango kamili zina mlango mwingine: uongozi ukishaamua kuuza, mali ikawa tayari kuuzwa kama ilivyo, ikatafutiwa mnunuzi kwa dhati na ikatarajiwa kuuzwa ndani ya mwaka mmoja, IFRS 5 huihamishia kwenye kundi la mali zinazosubiri kuuzwa, na tangu siku hiyo uchakavu husimama.

Na siku ya kuuza ni ipi? Ni siku mnunuzi anapoishika mali na kuanza kufaidi matumizi yake. Malipo ya mwisho yanaweza kuja baadaye, na makaratasi ya kubadilisha jina kwenye kadi ya gari yanaweza kuchukua muda. Kama lori liliondoka yadi na dereva wa mnunuzi tarehe 31 Agosti, uchakavu unakatwa hapo, hata kama salio lililipwa Oktoba.

Fedha iliyobaki mkononi

Namba ya pili inaonekana nyepesi kwa sababu iko kwenye taarifa ya benki: milioni 82.6. Ndani yake, hata hivyo, kuna fedha isiyo ya kampuni. Kampuni imesajiliwa VAT, na kuuza mali iliyotumika kwenye biashara ni mauzo yanayotozwa kodi hiyo kama mauzo mengine. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18.

Hapa kuna mtego mdogo. Asilimia 18 hutozwa juu ya bei kabla ya kodi, kwa hiyo huwezi kuchukua asilimia 18 ya 82.6 ukaitoa. Ukifanya hivyo utapata bei ya kama milioni 67.7, na hesabu yote itapinda. Gawanya 82.6 kwa 1.18 upate milioni 70, na iliyobaki, milioni 12.6, ni ya kupeleka TRA. Hiyo milioni 12.6 haiingii kwenye faida wala hasara. Kampuni imeipokea kwa niaba ya serikali.

Halafu kuna dalali. Alileta mnunuzi, akalipwa milioni 1.5. Huyu dalali tuseme hajasajiliwa VAT, ili tusiongeze mstari mwingine. Malipo yake ni gharama iliyotokea kwa sababu ya kuuza na isingetokea vinginevyo, kwa hiyo hupunguza mapato ya mauzo. Kinachobaki ni milioni 68.5.

Sasa jibu linajitokeza lenyewe: 68.5 kutoa 67 ni faida ya milioni 1.5. Kwamba namba hiyo imelingana na ujira wa dalali ni bahati tu ya mfano huu, asije mtu akazichanganya.

Tofautisha gharama za kuuza na gharama nyingine za lori lilelile. Kama wiki mbili kabla ya kuuza kampuni ilibadilisha matairi mawili yaliyokuwa yamekwisha ili lori liendelee na safari zake, hayo ni matengenezo ya kawaida na yanakwenda kwenye gharama za uendeshaji. Kuyaingiza kwenye hesabu ya mauzo kunapunguza faida ya kuuza na kuyaficha matengenezo mahali ambapo hakuna atakayeyatafuta.

Leja inavyosema

Mhasibu hafanyi kutoa huku pembeni ya karatasi. Hufungua akaunti moja ya muda, akaunti ya uondoaji wa mali, akamwaga humo kila kitu kinachohusu lori, kisha salio lenyewe linasema kama ni faida au hasara. Uchakavu wa miezi minane ukishaandikwa, akaunti inakuwa hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

| Debiti | | Krediti | |
|---|---|---|---|
| Gharama ya lori | 120.0 | Uchakavu uliolimbikizwa | 53.0 |
| Ujira wa dalali | 1.5 | Mauzo bila VAT | 70.0 |
| Faida, kwenda taarifa ya mapato | 1.5 | | |
| Jumla | 123.0 | Jumla | 123.0 |

Soma upande wa kushoto. Gharama yote ya lori imetolewa kwenye akaunti ya magari na kuletwa hapa. Upande wa kulia, uchakavu wote uliokuwa umelimbikizwa juu ya lori hilo nao umeletwa. Ukitazama hizo mbili peke yake, 120 na 53, tofauti yake ni 67: thamani ya kitabuni haijaandikwa popote kama mstari, lakini imo humo. Kisha benki imedebitiwa 82.6, ambayo 70 imekrediti akaunti hii na 12.6 imekrediti akaunti ya VAT inayodaiwa. Upande wa krediti unazidi kwa milioni 1.5, na ziada hiyo ndiyo faida. Kama debiti ingezidi, ingekuwa hasara.

Lazima zote mbili zitoke, gharama na uchakavu. Nimekuta vitabu ambako fedha za mauzo zilikrediti moja kwa moja akaunti ya magari: 120 ikapunguzwa 70, ikabaki 50 inayoning'inia miaka mingi bila gari lolote nyuma yake, na uchakavu ukiendelea kukokotolewa juu ya gari ambalo liko barabarani kwa jina la mtu mwingine. Jambo kama hilo hutokea pia bodi inapokuwa imeandikishwa kama mali peke yake kwenye daftari la mali za kudumu. Lori linauzwa, mstari wa lori unafutwa, mstari wa bodi unabaki, kwa sababu hauna namba ya usajili ya kumkumbusha mtu. Hapo faida iliyoandikwa ni kubwa kupita kiasi, maana sehemu ya gharama haikuondolewa. Dawa ni kushika daftari la mali mkononi, kutoka hadi yadi, na kuulizia kila mstari mali yake iko wapi. Mstari unaokosa mali umepatikana.

Kuna namna nyingine ya kuuza ambayo huvuruga hesabu: kubadilishana. Tuseme kampuni haikuuza kwa fedha bali ilipeleka lori kwa muuza magari na kuchukua jipya. Bei iliyobandikwa ya jipya ni milioni 150 kabla ya VAT. Muuzaji anasema, lete lori lako, nalihesabu kwa milioni 80, niongeze 70 tu. Inavutia, kwa kuwa 80 kutoa 67 ni faida ya milioni 13. Lakini kama mteja mwenye fedha taslimu angeuziwa jipya lilelile kwa 140, na sokoni lori kuukuu lina thamani ya 70, basi ile milioni 10 ya ziada ni punguzo la bei la gari jipya lililovalishwa nguo ya ukarimu. Andika lori kuukuu kwa 70, upate faida ya milioni 3, na jipya uliandike kwa 140. Ukiandika 80, utakuwa umejipa milioni 10 za faida leo na kuzirudisha kidogo kidogo kama uchakavu wa ziada wa lori jipya kwa miaka yote litakayofanya kazi.

Inakaa wapi kwenye taarifa

Faida ya kuuza lori huingia kwenye faida au hasara ya mwaka, lakini haiingii kwenye mauzo. Kampuni yetu inauza saruji na nondo, haiuzi malori, na kiwango cha uhasibu kinakataza waziwazi kuichanganya faida hii na mapato ya biashara. Ina mstari wake, chini ya mapato mengine. Wanaokodisha magari ambao ni kawaida yao kuyauza baada ya miaka michache wana utaratibu tofauti chini ya IAS 16, kiwango cha kimataifa cha mali za kudumu: gari likiacha kukodishwa likawa la kuuzwa, huhamishiwa kwenye bidhaa, na bei yake huhesabiwa kama mauzo.

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ile milioni 1.5 inahitaji uangalifu. Fedha zilizotokana na mauzo zinakwenda zote kwenye shughuli za uwekezaji. Ukianza na faida ya mwaka ili ufikie fedha iliyotokana na uendeshaji, unarudisha uchakavu, kwa kuwa haukutoa fedha, na unaondoa faida ya kuuza lori, kwa kuwa fedha yake imeshahesabiwa kule kwingine. Asiyeiondoa anaihesabu mara mbili, na kisha anashangaa kwa nini mtiririko wake haufungi na salio la benki.

Kuhusu kodi ya mapato niseme kwa ufupi, maana ni hesabu nyingine kabisa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 haifuatilii lori moja moja. Inaziweka mali kwenye makundi, kila kundi na kiwango chake cha punguzo la uchakavu. Magari hutumia njia ya salio linalopungua, yaani asilimia ya kile kilichobaki kila mwaka, na malori makubwa yako kwenye kundi la asilimia 25. Ukiuza, kiasi ulichopata kinapunguza salio la kundi zima, na ni pale tu kinapozidi salio hilo ndipo ziada inapoingia kwenye mapato ya kutozwa kodi mwaka huo. Kwa hiyo, unapoandaa hesabu ya kodi, unarudisha uchakavu wa vitabuni, unaondoa faida ya vitabuni, na kuweka mahali pake punguzo la kundi. Mtu anayelipia kodi ile milioni 1.5 moja kwa moja amelipa kwa msingi usio wa sheria.

Milioni 1.5 inasema nini

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Chukua lori lilelile, tarehe zilezile, mnunuzi yuleyule, dalali yuleyule. Badilisha kitu kimoja tu: badala ya mafungu sawa, kampuni ingetumia njia ya salio linalopungua kwa asilimia 20 kwa mwaka. Miezi 9 ya 2020 ingebeba milioni 18, na salio lingekuwa 102. Mwaka 2021 lingeshuka hadi 81.6, 2022 hadi 65.28, 2023 hadi 52.224. Miezi minane ya 2024 ingeondoa karibu milioni 6.96, na tarehe 31 Agosti thamani ya kitabuni ingekuwa takriban milioni 45.26. Fedha ya mkononi ni ileile 68.5. Faida: milioni 23.24.

Hakuna aliyefanya kazi ya ziada kuipata hiyo milioni 21 na zaidi iliyoongezeka. Hakuna mnunuzi aliyepandisha bei. Kilichotokea ni kwamba njia ya pili iliandika uchakavu mwingi mapema, milioni 74.74 badala ya 53, na siku ya kuuza vitabu vikalazimika kurudisha kilichozidi. Jumlisha maisha yote ya lori ndani ya kampuni na utaona. Kwa njia ya kwanza, uchakavu wa 53 ukitoa faida ya 1.5 ni milioni 51.5. Kwa njia ya pili, 74.74 ukitoa 23.24 ni milioni 51.5. Na kwa njia ya mtu asiyejua uhasibu, aliyenunua kwa 120 na kubaki na 68.5, lori limemgharimu milioni 51.5.

Kwa hiyo mwenye kampuni, yule aliyedai amepoteza milioni 37.4, alikuwa akitafuta jambo la kweli ingawa namba zake hazikuwa kamili. Lori limeigharimu kampuni milioni 51.5 kwa miezi 53 ya kazi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo ilishaandikwa miaka iliyopita, safari kwa safari, na siku ya kuuza kinachobaki kuandikwa ni marekebisho ya makadirio. Faida maana yake tuliandika uchakavu mwingi kuliko uliohitajika. Hasara maana yake tuliandika mdogo.

Ndiyo maana namba hii isomwe kama ripoti ya ubora wa makadirio. Milioni 1.5 juu ya lori la milioni 120 inaonyesha kwamba makisio ya miaka 8 na mabaki ya milioni 24 yamekwenda karibu sana na hali halisi. Kampuni inayopata milioni 20 na kitu kila inapouza gari haina kipaji cha kuuza magari. Inayachakaza haraka mno kwenye vitabu, na katika miaka ya katikati faida yake ya biashara inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Inayopata hasara kubwa kila mara iko upande wa pili, nao ni wa hatari zaidi, kwa sababu imekuwa ikionyesha faida, na pengine kugawa gawio, kutokana na gharama ambazo zilikuwa hazijaandikwa. Vivyo hivyo pikapu iliyofika thamani ya kitabuni sifuri lakini bado inapiga kazi kila siku: ikiuzwa kwa milioni 9, yote ni faida, na milioni 9 yote ni ushahidi kwamba mtu aliacha kuyapitia makadirio yake.

Afisa mikopo anayeangalia hesabu za kampuni kama hii hana budi kuuliza faida hiyo imetoka wapi. Faida ya mwaka ikiwa milioni 30 na ndani yake mna 23 za kuuza lori, biashara ya saruji yenyewe imeleta 7. Mwaka ujao hakutakuwa na lori la kuuza, lakini marejesho ya mkopo yatakuwepo.

Viwango vinadai makadirio yapitiwe upya, na chini ya IAS 16 ni angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Kampuni zilizo kwenye viwango vya biashara ndogo hufanya hivyo zinapoona dalili kwamba mambo yamebadilika, na mauzo ya Agosti ni dalili nzuri. Tuseme kampuni yetu ina lori jingine, pacha wa lile, lililonunuliwa siku moja kwa gharama ileile. Kufikia 31 Desemba 2024 limechakaa kwa milioni 57 na limebaki na milioni 63. Kwa kuona bei za sokoni zilivyo, uongozi unaamua kuliuza mwisho wa 2027 na kukadiria litaleta milioni 36. Miaka iliyopita haiguswi, kwa kuwa makisio yake yalifanywa kwa taarifa zilizokuwepo wakati huo. Unachukua 63, unatoa 36, unagawa 27 kwa miezi 36 iliyobaki. Kuanzia Januari 2025 lori hilo linaandikwa uchakavu wa shilingi 750,000 kwa mwezi badala ya milioni moja.